Mwenye neno na aseme

Tufikiri juu ya muuguzi kijana katika kituo cha afya, kama vile vilivyo vingi huku kwetu Kivu. Kazi yake ni chanjo za watoto. Kila asubuhi na kila jioni hutazama kipimajoto cha friji na kuandika digrii katika karatasi iliyobandikwa mlangoni, kwa maana chanjo zapaswa kukaa kati ya digrii 2 na digrii 8. Jumapili jioni ameona 11. Jumatatu asubuhi ameona tena 11. Saa mbili wafanyakazi wanane wanakutana kama ilivyo desturi. Muuguzi mkuu anasoma habari za juma, kisha anauliza: «Nani ana neno?» Papo hapo moyo wa kijana wetu unaanza kwenda mbio, viganja vinalowa jasho, ulimi unakauka. Anatazama miguu yake. Mwingine anauliza habari ya zamu, mkutano unafungwa, na neno la friji limebaki kifuani. Alhamisi akina mama wataleta watoto wao.

Watu watasema kwamba kijana huyu ana haya, au hakufundishwa kusema. Lakini tazameni jambo hili. Alhamisi hiyohiyo atasimama barazani mbele ya akina mama arobaini, ataeleza kwa nusu saa juu ya surua na pepopunda, atawachekesha, atajibu maswali, wala sauti yake haitatetemeka hata kidogo. Basi, imekuwaje aogope watu wanane asiogope arobaini?

Jibu ni hili: barazani macho yake yanawatazama watoto na mama zao. Mkutanoni macho yake yamegeuka, yanajitazama yeye mwenyewe. Je, Kifaransa changu kitakuwa sawa? Uso wangu unaonekanaje? Mkuu atafikiri nini? Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, waliandika maelezo ya woga huu ambayo hata leo waganga wa mambo ya roho huyatumia. Walisema kwamba mtu mwenye woga akiwa mbele ya watu huacha kuwatazama, hujitazama kwa ndani, na kwa zile ishara anazozisikia mwilini hujichorea picha ya jinsi wengine wanavyomwona. Moyo unapiga kwa nguvu: basi anaamini kwamba wote wanauona ukipiga. Shavu lina moto: basi anaamini kwamba uso wote umebadilika. Picha hiyo ni ya uongo, lakini kwa kuwa hatazami nje, hapati kitu cha kuisahihisha.

Tena, mtu huyo hushika ngao. Ngao ni vile vitendo vidogo anavyovifanya ili aibu isimpate. Huketi nyuma karibu na mlango. Huandika maneno yote katika karatasi na kuyasoma bila kuinua kichwa. Husema mbio ili amalize upesi. Hufunika mdomo kwa mkono, hukamata kalamu kwa nguvu, huanza kwa kusema «samahani, labda si neno la maana». Ngao hizi zina ubaya wa namna mbili. Kwanza, mara nyingi ndizo zinazoleta lile jambo linaloogopwa: anayesema mbio kwa sauti ya chini hasikiki, watu wanamwambia arudie, naye anadhani amekosea. Pili, mkutano ukiisha bila aibu hajifunzi neno, kwa sababu hujiambia: «Nimepona kwa kuwa niliishika karatasi.» Mara ya pili ataishika zaidi.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wale wanaomwambia kijana: «Jikaze tu, utazoea.» Wako watu ambao wamesema mbele ya wengine kwa miaka ishirini wakizishika ngao zao zote, na woga wao haujapungua hata kidogo. Kuzoea kwa namna hiyo si kuzoea.

Yafaa kwanza kujua kitu kimoja ambacho kwa peke yake kinasaidia. Mwaka 2003 Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, wataalamu wa Amerika, walitangaza majaribio waliyofanya na wanafunzi waliotakiwa kutoa hotuba. Wasemaji walidhani kwamba woga wao unaonekana wazi, kumbe wasikilizaji waliona kidogo tu kuliko vile wasemaji walivyodhani. Kisha wanafunzi fulani wakaelezwa jambo hilo kabla ya kusema: kwamba woga ulio ndani hauonekani nje kama mwenyewe anavyofikiri. Hao walisema vizuri kuliko wenzao ambao hawakuelezwa, na wasikilizaji nao walishuhudia hivyo. Si kwamba mwili wa msemaji ni wa chuma. Ni kwamba moyo wake yeye anausikia kutoka ndani, na mwenzake ameketi hatua tatu kutoka kwake, tena anafikiri juu ya zamu yake ya usiku.

Unaweza kulihakikisha jambo hili nyumbani, ukiwa na simu yenye kamera. Simama, sema kwa dakika mbili juu ya kazi yako, na simu ikuchukue picha na sauti. Kabla ya kuitazama, andika katika daftari kile unachotazamia kuona: «mikono itatetemeka, nitasitasita mara kumi, uso utakuwa wa mtu aliyekamatwa akiiba.» Kisha itazame kana kwamba ni mtu usiyemjua, usiulize ulivyojisikia, uliza unachokiona tu. Ukiweza, fanya mara mbili: mara ya kwanza ukijitazama kwa ndani na kushika ngao zako zote, mara ya pili bila ngao, macho yako juu ya ndugu yako aliyeketi mbele yako. Linganisha hizo mbili. Wengi hushangaa kuona kwamba ile ya pili, waliyoiogopa zaidi, ndiyo inayosikilizika.

Sasa tuje kwenye ngazi. Namna ya kuondoa woga hatua kwa hatua si mpya. Mwaka 1924 bibi mmoja wa Amerika, Mary Cover Jones, aliandika juu ya mtoto Peter, ambaye umri wake ulikaribia miaka mitatu, aliyeogopa sungura. Sungura aliwekwa mbali ndani ya kizimba wakati mtoto anakula chakula akipendacho, kisha siku kwa siku akasogezwa karibu, hata mwisho Peter akamshika kwa mkono. Hakuna aliyemtupia sungura mapajani siku ya kwanza. Nasi tutafanya vivyo hivyo, isipokuwa sungura wetu ni mkutano wa Jumatatu.

Chukua karatasi, andika nafasi zote za kusema zilizo katika maisha yako ya kazi, hata zile ndogo kabisa. Kando ya kila moja weka hesabu toka 0 mpaka 100: 0 ni utulivu kamili, 100 ni woga mkubwa kuliko wote uliopata kuujua. Kisha zipange toka chini kwenda juu. Karatasi ya muuguzi wetu ingeweza kuwa hivi. Kuwasalimu wote kwa sauti anapoingia mkutanoni, na kumuuliza jirani habari ya kazi kabla mkutano haujaanza: 20. Kusoma kwa sauti maandishi ya mkutano uliopita: 35, kwa sababu maneno si yake, kama vile anayesoma somo kanisani asivyoogopa kama mhubiri. Kuuliza swali moja aliloliandaa: 45. Kutoa habari ya sentensi tatu juu ya kazi yake: 60. Kusema kwamba haafikiani na wazo la mwenzake: 75. Na juu kabisa, kusimama katika mkutano wa kila mwezi wa zoni ya afya, ambako vituo vyote huleta hesabu zao, na kueleza hesabu za chanjo mbele ya daktari mkuu: 90.

Hesabu hizi ni zake. Wewe pengine kusoma ni 70 na kuuliza ni 30. Aliyechekwa darasani alipokuwa akisoma ataelewa ninachosema. Usiazime ngazi ya mtu mwingine. Na kama pana nafasi kubwa kati ya kidato kimoja na kingine, tia kidato katikati. Kati ya 60 na 75 muuguzi anaweza kutia hiki: kuongeza neno baada ya mwenzake, akisema «nakubaliana na Mama Muuguzi, tena naongeza hili».

Anza na kidato kinachokupa woga kidogo lakini woga wa kweli. Kile cha 5 hakifundishi kitu. Rudia kidato kilekile mpaka hesabu yake imeshuka hata nusu hivi, au mpaka kimeanza kukuchosha, ndipo upande. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa mkutano ni mara moja kwa juma, na kujizoeza mara moja kwa juma ni kama kumwagilia mche mara moja kwa mwezi. Tafuta nafasi nyingine za uzito uleule: kukabidhiana zamu asubuhi, kamati ya wazazi shuleni, likelemba, jumuiya ya mtaa. Mara tatu au nne katika juma moja zina faida kuliko mara nne katika mwezi.

Katika kila kidato, weka chini ngao moja. Juma hili sitaketi nyuma. Juma lijalo sitafunika mdomo. Mwenye kupanda ngazi na ngao zake zote mkononi atafika juu, lakini ataogopa huko juu kama alivyoogopa chini.

Na kila mara andika mistari miwili katika daftari. Kabla: «Naogopa kwamba litatokea nini hasa?» Baada: «Limetokea nini?» Kuandika «nitaaibika» hakutoshi, kwa sababu aibu haipimiki. Andika jambo linaloweza kuonekana kwa macho: watacheka, mkuu atanikatiza, nitanyamaza nisiweze kuendelea. Hapo ndipo mkutano unapokuwa mtihani, si wako wewe, bali wa ule woga: ulisema kweli au ulisema uongo?

Tumfuate muuguzi wetu katika kidato cha 60, ile habari ya friji. Kwa desturi angeandika ukurasa mzima kwa Kifaransa na kuukariri usiku kucha. Safari hii ameandika mistari mitatu mifupi: «11, jana jioni na leo asubuhi. Yapasa 2 hadi 8. Naomba: kuhamisha leo.» Sentensi ya kwanza tu ndiyo ameiandaa yote neno kwa neno, kwa maana dakika ya kwanza ndiyo yenye shida, baada ya hapo mwili hutulia kidogo kidogo bila kuamrishwa. Kabla ya mkutano amemwendea muuguzi mkuu na kumwambia: «Baba, nina neno fupi juu ya friji, naomba uliweke mwanzoni.» Hilo si woga, ni busara. Mwenye kungojea neno lake hadi mwisho hukaa saa nzima akijichemsha mwenyewe, na zamu ikifika amekwisha kuchoka.

Zamu yake imefika. Hajishughulishi na moyo wake, anautazama uso wa mtu mmoja, fundi wa maabara aliyeketi mbele yake, kisha wa mwingine. Anasema: «Friji ya chanjo ilionyesha digrii 11 jana jioni, na leo asubuhi tena 11. Inapasa kuwa kati ya 2 na 8. Naomba tuhamishe chanjo leo hii ndani ya sanduku la baridi lenye vipande vya barafu, nami nitatazama alama ya kila chupa.» Waliozoea kazi hii wanaijua alama hiyo: mraba mdogo ndani ya duara, ambao huzidi kuwa mweusi kwa kadiri chupa ilivyopata joto, na ukiwa mweusi sawa na duara, chupa hiyo haitumiki. Muuguzi mkuu anauliza: «Tangu lini hasa?» Anajibu. Mwingine anasema labda ni moto wa umeme uliokatika. Neno limekuwa la wote, na hakuna anayemtazama yeye tena. Wanafikiri juu ya friji.

Daftarini ameandika: «Kabla: 65. Niliogopa kwamba sauti itakatika nami nitashindwa kumaliza. Nikisema: 70, kisha 40. Limetokea nini: sauti ilitetemeka katika sentensi ya kwanza, nikamaliza. Mkuu aliniuliza swali moja. Hakuna aliyecheka.» Angalieni kwamba sauti ilitetemeka kweli. Yeye alitazamia kwamba kutetemeka kutakuwa mwisho wa dunia, kumbe kulipita kama mtu anayekohoa. Habari hiyo ina thamani kubwa kuliko kama sauti isingetetemeka kabisa.

Yako makosa ambayo nimeyaona mara nyingi. La kwanza ni kungoja woga uishe ndipo useme. Woga hupungua baada ya kusema, si kabla. La pili ni kukimbia katikati: kuketi ghafula, kusema «basi, tuache», wakati woga uko juu kabisa. Akili huondoka na somo kwamba kukimbia ndiko kulikookoa. Heri kusema sentensi moja zaidi, hata ya kurudia ile ya kwanza. La tatu ni chupa. Wako wanaokunywa kidogo ili kulainisha ulimi kabla ya karamu au mkutano wa jioni. Hiyo nayo ni ngao, tena ngao inayotaka kuongezwa kila mwezi. Na ukirudi nyuma juma moja baada ya ugonjwa au baada ya mkutano mbaya, shuka kidato kimoja tu, usishuke ngazi yote.

Sasa niseme neno kwa wakubwa wa kazi, kwa sababu ngazi hii haitibu kila kitu. Pengine mfanyakazi ana woga kwa kuwa kuna jambo la kuogopwa. Mkubwa akimdhihaki aliyekosea Kifaransa, au akimkaripia aletaye habari mbaya, kunyamaza kwa wadogo si ugonjwa, ni akili. Kwetu tena kuna desturi kwamba wazee hutangulia kusema. Na mzee akisha kutoa shauri lake, kijana mwenye adabu atampingaje? Mkubwa apendaye kujua hali ya friji zake afadhali aanze na mdogo, aseme kwamba Kiswahili kinakubaliwa, na badala ya kuuliza «nani ana neno?» azunguke meza: «Chanjo, habari gani? Maabara, habari gani?» Swali lililoitwa kwa kazi hujibiwa na watu wasiojibu lile la wote.

Na pengine woga umepita mpaka wa ngazi ya nyumbani. Mtu anayeogopa hata kula mbele ya wengine, kununua sokoni, kupokea simu, aliyeacha masomo au kukataa cheo kwa ajili ya woga huo, na hali hiyo imedumu miezi sita au zaidi, huyo ana ugonjwa unaojulikana na unaotibiwa. Aende kwa muuguzi au daktari, aseme wazi, na kama yuko mtu aliyesomea matibabu ya roho karibu, apelekwe kwake. Ngazi ni ileile, lakini atahitaji mtu wa kuishika chini.

Limebaki lile swali ambalo wanafunzi huniuliza kuliko yote: nikisimama na maneno yakapotea kabisa, nifanyeje? Nyamaza. Itazame karatasi yako, ile ya mistari mitatu, na useme: «Subirini kidogo, nitazame hesabu.» Sekunde nne za kimya kwa msemaji ni kama Misa nzima, kwa msikilizaji ni nafasi ya kupumua. Kama limepotea neno moja la Kifaransa, liseme kwa Kiswahili na uendelee. Katika watu wanane, hakosi mmoja atakayekupa neno hilo kabla hujamaliza sentensi.